Barua ya Mkandarasi Kazi Inapochelewa

Taarifa ya kuchelewa ni barua ambayo mkandarasi humwandikia mteja mara anapoona kuwa jengo halitakamilika kwa tarehe ya mkataba. Humweleza mteja kilichotokea, lakini uzito wake uko kwenye kudai: humo mkandarasi huomba aongezewe muda, ili siku zilizopotea bila kosa lake zisije zikahesabiwa kuwa za fidia. Mikataba mingi ya ujenzi humruhusu mteja kukata kiasi maalumu cha fedha kwa kila siku inayopita baada ya tarehe ya kumaliza, na nyongeza ya muda ndiyo inayoisogeza tarehe hiyo mbele.

Sababu mbili zinazotajwa zaidi kwenye barua hizi ni vifaa kuchelewa kufika na mvua kubwa. Makandarasi wengi huziweka kwenye sentensi moja, kana kwamba zina uzito sawa. Hapo ndipo barua nyingi zinapoharibika, maana mkataba huzitazama kwa macho tofauti.

Vifaa kwanza. Anayeagiza nondo, saruji au mabati ni mkandarasi, na ndiye aliyemchagua muuzaji. Muuzaji akichelewa, kwa kawaida hasara hubaki kwa mkandarasi. Mambo hubadilika pale chanzo kinapokuwa upande wa mteja: alichelewesha malipo ya hatua iliyokwisha, alibadilisha mchoro wakati oda imeshatoka, au vifaa hivyo yeye ndiye aliyeahidi kuvileta. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inataja pia uhaba wa vifaa usiotarajiwa uliosababishwa na ugonjwa wa mlipuko au hatua za serikali. Lori kuharibika njiani, au muuzaji kumpa kwanza mteja mwingine, havimo.

Mvua nayo haitoshi kwa kunyesha tu. Dar es Salaam kila mwaka hupata masika kuanzia Machi hadi Mei, na mkandarasi anayepanga kumwaga zege la msingi mwezi Aprili anatakiwa awe ameshaziacha siku za mvua ndani ya ratiba yake. Kinachompa haki ni mvua iliyozidi ile ya kawaida, na kipimo cha kawaida ni kumbukumbu za miaka iliyopita, kama zile za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hata hapo, katika mkataba wa FIDIC wa mwaka 1999, mvua ya kupita kiasi humpa mkandarasi muda peke yake. Gharama za mitambo iliyosimama na mafundi waliokaa bure hazilipwi.

Chukua nyumba ya ghorofa moja ambayo mkataba wake unataka ikamilike Septemba 30. Nondo za msingi na nguzo zilikuwa zifike Machi 4, na kazi ya kuzisuka ianze Machi 11. Zikafika Machi 25. Oda ilichelewa siku 21, lakini ratiba ilikuwa na nafasi ya siku 7 kati ya kupokea na kusuka, kwa hiyo kazi yenyewe ilisimama siku 14. Katika siku hizo 14, mvua ilinyesha siku 5 kiasi cha kutofanyika lolote. Siku hizo 5 haziongezwi juu ya 14, kwa kuwa hata jua lingewaka, nondo hazikuwapo.

Aprili mvua ilisimamisha kazi siku 17. Ratiba ilikuwa imetenga siku 10, na kumbukumbu za hali ya hewa zikaonyesha kuwa hizo 10 zilikuwa makadirio ya haki. Zilizozidi ni 7. Mashimo ya msingi yalijaa maji, na siku 2 zaidi zikaenda kwenye kuvuta maji kwa pampu, kuondoa udongo uliolainika chini na kuosha tope lililoganda kwenye nondo. Kazi hiyo hairukwi: zege likimwagwa kwenye maji hupungua nguvu, na nondo yenye tope haishikani na zege sawasawa. Jumla ya siku zilizoletwa na mvua ni 9.

Barua ya mkandarasi huyo ingesomeka hivi:

"YAH: TAARIFA YA KUCHELEWA KWA KAZI NA MAOMBI YA NYONGEZA YA MUDA

Ndugu, rejea barua yetu fupi ya Aprili 15. Kazi ya msingi imechelewa siku 23. Siku 14 zimetokana na nondo kufika Machi 25 badala ya Machi 4; hizi hatuziombei nyongeza. Siku 9 zimetokana na mvua ya Aprili iliyozidi kiwango cha kawaida, na tunaomba tarehe ya kumaliza isogezwe hadi Oktoba 9. Kuanzia wiki ijayo tunaongeza kundi la pili la mafundi wa kusuka nondo na kufunga mbao, na tunatarajia kuokoa siku 8. Tunakadiria kukabidhi jengo Oktoba 15. Nakala za daftari la saiti, hati za kupokelea mzigo na takwimu za mvua zimeambatanishwa."

Mteja anayeisoma anajua mara moja kwamba, maombi yakikubaliwa, siku 6 kati ya Oktoba 9 na 15 ni za mkandarasi, na fidia yake inaweza kudaiwa. Kukiri siku 14 kunaonekana kama kujiumiza, lakini ndiko kunakozipa nguvu zile 9. Mkandarasi anayeomba zote 23 humlazimisha mteja kuzichambua mwenyewe, na akikuta nondo zimefichwa nyuma ya mvua hataamini hata mvua ya kweli.

Nguvu nyingine iko kwenye daftari la saiti, linaloandikwa siku ileile. Kuandika "mvua kubwa" hakuthibitishi kitu. Ukurasa unaofaa huwa hivi: mvua saa 11 alfajiri hadi saa 5 asubuhi, mashimo manne ya safu ya mashariki yamejaa maji hadi magotini, mafundi 9 na vibarua 14 wamefika, wameruhusiwa kuondoka saa 7 mchana, pampu imewashwa saa 8. Picha ya mashimo hayo yenye tarehe, na sahihi ya msimamizi wa mteja chini ya ukurasa, huzima ubishi mwingi.

Muda wa kutuma barua nao una ukomo. FIDIC ya mwaka 1999 inataka taarifa itolewe ndani ya siku 28 tangu mkandarasi alipojua, au alipopaswa kujua, juu ya tukio; ikipita hapo, haki ya nyongeza hupotea. Maelezo kamili hufuata ndani ya siku 42. Kwa sababu hiyo barua fupi ya Aprili 15 ilitangulia wakati mvua bado inanyesha, kabla hesabu haijakamilika. Kusubiri masika yaishe ili kuandika barua moja nzuri ni kosa la kawaida, nalo huwagharimu makandarasi wenye madai halali kabisa. Mikataba midogo ya nyumba binafsi huwa na siku zake, wakati mwingine 7 au 14, na hizo ndizo zinazofuatwa.

Kwa upande wake, mteja au mhandisi wake hulinganisha daftari na takwimu za mvua, huangalia kama kazi iliyosimama ndiyo kweli iliyokuwa ikizuia nyingine zote, kisha hujibu kwa maandishi akitaja idadi ya siku anazokubali na tarehe mpya ya kumaliza. Akikubali 7 badala ya 9, tarehe inakuwa Oktoba 7, na zile 2 za kuvuta maji hubaki kuwa hoja ya kujadiliwa kwa ushahidi.