Mkasi wa Mtoto wa Mashoto

Mtoto wa miaka sita anayeanza Gredi ya 1 huko Kianjai, Meru, kama kwingine nchini Kenya, hukutana na mkasi mapema, maana mtaala wa umilisi unamtaka akate, abandike na aunde vitu kwa mikono yake. Hapo ndipo mwenye mashoto huanza kuonekana mzembe. Karatasi inajikunja kati ya makali badala ya kukatika, mstari anaupita, na kidole gumba kinabaki na alama nyekundu. Mwalimu mwenye darasa kubwa hana nafasi ya kugundua kwamba kosa si la mtoto bali ni la chuma alichopewa.

Mkasi una mabapa mawili yanayopishana. Ushike wa kawaida kama mtu anayetaka kukata, ncha zikielekea mbele, na utaona bapa la juu limekaa upande wa kulia. Mkono wa kulia unapofumba, gumba husukuma kwenda nje na vidole vingine huvuta kuelekea kiganjani. Nguvu hizo mbili hubana mabapa yakasuguana, na karatasi ikakatika. Mkono wa kushoto nao hufanya hivyo hivyo, ila kwa upande wa pili, kwa hiyo mabapa yale yale huachanishwa. Mwanya mdogo unatokea katikati na karatasi inalala humo. Tena bapa la juu linaziba mstari, mtoto anakata asichokiona.

Kuugeuza mkasi juu chini hakusaidii, kwa kuwa bapa la juu litabaki kulia vilevile. Wala usidanganyike na mikasi yenye mishiko iliyopindwa ili kutoshea mkono wowote, kwani mara nyingi mabapa yake ni ya kulia. Kabla ya kulipa, ushike kama unayekata. Bapa la juu likiwa kushoto, huo ni wa mashoto kweli. Kisha mpe mtoto akate karatasi moja nyembamba ya daftari, si manila, kwa sababu manila ni ngumu na huficha kasoro. Ikijikunja, mrudishie mwenye duka.

Mkasi sahihi ukishapatikana, liko jambo moja ambalo wazazi wengi wa mkono wa kulia hawalijui. Wao hukata duara wakizunguka kinyume na mwendo wa saa. Mtoto wa mashoto akate kwa kufuata mwendo wa saa, mkono wa kulia ukigeuza karatasi polepole. Ukitaka kumfundisha, usikae ubavuni pake. Kaa mkabala naye ili akuige kama anayejitazama kwenye kioo.

Kwa kuandika, pesa kidogo zinatosha. Kiswahili, Kimeru na Kiingereza vyote huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto huburuzwa juu ya maneno yaliyokwisha andikwa na kuyafunika. Ndiyo sababu watoto wengine hukunja kifundo cha mkono juu ya mstari, wakachoka haraka. Dawa yake ni daftari kusogezwa kushoto kidogo ya kifua na kuinamishwa, pembe ya juu ya kushoto ikiwa mbali zaidi naye, na penseli kushikwa kama sentimita 3 kutoka ncha ili aone anachoandika. Penseli ya pembe tatu husaidia vidole kutulia, na HB ni bora kuliko 2B ambayo ni laini na hupaka masizi. Atakapofikia kalamu, mnunulie biro ya kawaida ambayo wino wake hukauka upesi, si ya wino wa jeli.

Vitu vingine vingi havina mkono. Mpira, matofali ya kujengea, kitabu cha hadithi na rangi za nta ni zawadi nzuri kwa mtoto yeyote, na sioni haja ya kulipia zaidi kwa sababu tu pakiti imeandikwa ni ya mashoto.

Wapo bado wanaomchapa mtoto mkono ili ahamie kulia. Meru haina sababu ya kuuona mkono wa kushoto kuwa wa aibu. Bernardo Bernardi, mmisionari na mwanaanthropolojia wa Italia, katika kitabu chake cha 1959 aliandika juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, ambaye kwa Waimenti mkono wake wa kushoto ndio ulioshika uwezo wa kubariki. Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani hutumia kushoto, na upendeleo huo huanza kuonekana mtoto akiwa bado tumboni.

Mwalimu, darasa lako la watoto 50 huenda lina watano kama hawa. Mkalishe kila mmoja mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na jirani yake. Hilo halihitaji kununua chochote.