Nilidhani Naijua Pointa, Mpaka Dogo Aliponiuliza

Programu yangu ya madeni ya duka la mama ilikuwa inafanya kazi, na hilo ndilo lililonisumbua. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja niliouhamisha usiku wa manane kwa kubahatisha tu, mambo yakakubali, nikalala. Kwa nini yalikubali, sikujua. Mimi C nimejifunza mwenyewe, sijawahi kukaa kwenye darasa lake. Ukiniuliza pointa ni nini nilikuwa na jibu tayari mdomoni: pointa ni kigeu kinachohifadhi anwani. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa, na mtu anaweza kuikariri bila kuelewa chochote.

Likizo ndefu nikamkuta mdogo wangu nyumbani, kamaliza kidato cha sita, anasubiri kupangiwa chuo. Akataka nimfundishe. Nikakubali haraka, maana wiki iliyofuata nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa mafunzo kwa vitendo na nilijua pointa lazima ziulizwe. Nikasema nikiweza kumwelewesha dogo, basi ninazijua.

Siku ya kwanza umeme ukakatika. Laptopu ilibaki na chaji kidogo, tukaizima, nikachukua makopo ya plastiki jikoni nikayapanga sakafuni. Mbele ya kila kopo nikaandika namba kwa chaki. Nikamwambia, "Kumbukumbu ya kompyuta ni kama yale masanduku ya posta. Kila sanduku lina namba yake, na ndani yake kuna kitu. Namba ya sanduku si kile kilichomo ndani."

"Kama S.L.P. tunayoandika kwenye barua za maombi."

"Hiyohiyo. Sasa sanduku moja likiwa halina barua, lina karatasi tu imeandikwa namba ya sanduku lingine, hilo ndilo pointa."

Kopo la anwani 100 tukaliita `x`, tukatia karatasi yenye 5. Kopo la 104 tukaliita `y`, tukatia 9. Namba zinaruka nne kwa sababu kwenye kompyuta nyingi za leo `int` moja inachukua baiti 4. Kisha nikampa mfano wa zamani kuliko sisi wote, ambao Kernighan na Ritchie waliutumia kwenye kitabu chao cha C cha mwaka 1978: andika fanksheni ya kubadilishana thamani za vigeu viwili. Akaandika kwenye daftari kama mtu yeyote angeandika mara ya kwanza:

```c
void badili(int a, int b) {
    int t = a;
    a = b;
    b = t;
}
```

"Twende na makopo," nikamwambia. Fanksheni ikiitwa inapewa makopo yake yenyewe. Tukaweka mawili mapya, 200 na 204, tukayaita `a` na `b`, tukaandika upya 5 na 9 kwenye karatasi nyingine tukazitia humo. Akabadilisha zile karatasi. Fanksheni ikaisha, nikayaondoa makopo yake nikayarudisha jikoni. Akachungulia 100 na 104: bado 5 na 9.

"Kwa hiyo nimefanya kazi ya bure."

Umefanya kazi kwenye nakala. C haimpi fanksheni kigeu chako, inampa nakala ya kilichomo ndani. Ukitaka aguse chako, mpe anwani yake. Alama `&` mbele ya jina isome "anwani ya", na nyota mbele ya pointa isome "nenda kwenye anwani hiyo". Hapo dogo akashtuka, akasema ndiyo maana kila mfano wa `scanf("%d", &umri)` aliouona una ile `&`. Naam, `scanf` haiwezi kujaza kigeu chako kama haijui kilipo.

Tukaandika upya, na safari hii tukaiita kwa `badili(&x, &y)`:

```c
void badili(int *a, int *b) {
    int t = *a;
    *a = *b;
    *b = t;
}
```

Makopo ya fanksheni sasa yalikuwa na karatasi zilizoandikwa 100 na 104. Dogo akasoma 100, akaenda kwenye kopo la 100, akachukua 5, akaendelea hivyo mpaka mwisho. `x` ikawa 9, `y` ikawa 5. Mimi moyoni nikasema somo limekwisha, niende zangu nikapike.

Kumbe bado. Alikuwa ameinama juu ya makopo. "Dada, mbona tunazunguka? `a` ina 100, `b` ina 104. Si nibadilishane hizo anwani zenyewe tu? `a` ielekee kwa `y`, `b` ielekee kwa `x`, tumemaliza."

```c
void badili(int *a, int *b) {
    int *t = a;
    a = b;
    b = t;
}
```

Nikamjibu bila kufikiri: "Hiyo nayo inafanya kazi, ila watu hawaipendi." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Umeme uliporudi saa mbili usiku akaiandika, akaikompaili, akaiendesha. `5 9`. Akaniangalia tu, hakusema kitu. Kompaila nayo haikulalamika, hata tulipoiwasha na `-Wall`.

Tukarudi kwenye makopo, na safari hii mwanafunzi nilikuwa mimi. Fanksheni imeitwa: leta makopo mawili, 200 na 208 (pointa kwenye laptopu yangu inachukua baiti 8). Ndani yake tia 100 na 104. Sasa badilisha karatasi hizo mbili. Fanksheni imekwisha: ondoa makopo. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeyashika mkononi kuyapeleka jikoni, yakiwa na zile karatasi tulizobadilishana kwa bidii. Nilisimama pale mlangoni na makopo yangu kama mtu aliyesahau alichofuata.

Kosa langu lilikuwa hili. Miezi yote nilidhani kuna njia mbili za kuita fanksheni: ya nakala, na ya pointa ambayo "inabadilisha kweli". C haina njia mbili. Pointa nayo ni kigeu, na ukiipitisha inanakiliwa kama kigeu kingine chochote. Nakala ya anwani bado inakufikisha kwenye nyumba ileile, kwa hiyo ukiandika `*a = 9` unabadilisha kilicho kwa mwenyewe. Lakini ukiandika `a = b`, bila nyota, umefuta tu karatasi yako ya maelekezo ukaandika nyingine. Aliyekupa maelekezo hana habari. (Wenzangu wa Python msicheke. Ukipokea orodha ndani ya fanksheni ukaiongezea kwa `append`, aliyekuita ataona. Ukiandika `orodha = []`, hataona chochote. Ni jambo lilelile limevaa nguo nyingine.)

Na hapo ndipo nikaukumbuka ule mstari wangu wa usiku wa manane.

Programu ya mama inaweka wadaiwa kwenye mnyororo: kila mdaiwa ana jina, kiasi, na pointa ya anayefuata. Kigeu kinachoitwa `kichwa` kinaelekea kwa wa kwanza, na kinaanza kikiwa `NULL`. Fanksheni yangu ya kwanza ya kuongeza mtu ilikuwa hivi:

```c
void ongeza(struct mteja *kichwa, struct mteja *mpya) {
    mpya->anayefuata = kichwa;
    kichwa = mpya;
}
```

Kila nikiongeza mtu, orodha ilibaki tupu. Programu haikudondoka wala haikutoa kosa. Ilikaa kimya tu. Ndipo nikakitoa `kichwa` nje ya `main`, nikakifanya kigeu cha wote, nikakifuta kwenye mabano ya fanksheni, ikakubali. Sasa dogo akanionyesha kwa makopo yangu mwenyewe. Mstari wa kwanza ni mzima, kwa sababu ule mshale unakwenda mpaka kwa mteja mwenyewe na kumwandikia. Mstari wa pili ni `a = b` yetu ileile: `kichwa` cha ndani kimepata anwani mpya, kisha kikatupwa. Nilipokitoa nje dawa ilifanya kazi kwa sababu fanksheni haikuwa tena na nakala, ilikuwa inakigusa kile chenyewe. Ila dawa hiyo ilikuwa na gharama, na nilikuwa ninailipa bila kujua: mama alipotaka orodha ya pili, ya watu ambao duka linawadai na ya wale wanaolidai duka, nililazimika kunakili fanksheni nzima na kuibadilisha jina, maana ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa kichwa kimoja.

Dawa yenyewe dogo aliifikia kabla yangu. "Kama nilitaka kubadilisha `int` nikapeleka anwani ya `int`, sasa nataka kubadilisha pointa, si nipeleke anwani ya pointa?"

```c
void ongeza(struct mteja **kichwa, struct mteja *mpya) {
    mpya->anayefuata = *kichwa;
    *kichwa = mpya;
}
```

Nyota mbili nilikuwa nimeziona kwenye misimbo ya watu na kuzikwepa kama mbwa mkali. Kwenye makopo ni kitu cha kawaida tu: kopo lina namba ya kopo ambalo nalo lina namba ya kopo. Unaita `ongeza(&kichwa, mpya)`, na fanksheni moja inahudumia orodha zote mbili.

Kabla ya kuikubali nikaweka mstari wa kupima, na huu ningependa ungekuwa mazoea yangu tangu mwanzo. Ndani ya fanksheni, mwishoni, chapisha anwani kwa `%p`. Kisha chapisha tena kwenye `main` baada ya fanksheni kurudi. Kwa fanksheni ya zamani, ndani ilitoka namba ndefu inayoanza na `0x`, na nje ikatoka `(nil)`, ambayo ndiyo namna Linaksi inavyochapisha `NULL`. Ukiona ndani na nje hazilingani namna hiyo, umebadilisha nakala. Kwa fanksheni mpya zote mbili zilitoa namba moja.

Usaili ulikuwa Jumanne. Yule mzee aliyenihoji alichora ubaoni fanksheni inayofanana sana na ile ya dogo, ya kubadilishana anwani bila nyota, akauliza itachapisha nini. Nikaomba kalamu, nikamchorea makopo.

Dogo nilimpigia simu nikiwa kituoni nasubiri daladala. Hakuuliza kama nimepata. Alitaka kujua kama kuna nyota tatu, nikamwambia atafute kopo lingine, ninakuja.