Tovuti ya Kijerumani Inakukata Doo na Huelewi Kitu? Hivi Ndivyo Unajitoa

Cheki hii. Umefika ukurasa wa mwisho wa kujitoa kwa tovuti ya Kijerumani. Umewasha tafsiri ya Chrome, na mbele yako kuna batani mbili. Ya kwanza imeandikwa Cancel. Ya pili pia imeandikwa Cancel. Moja inakutoa kabisa. Ingine inakurudisha pale pale ulikuwa, na mwezi ujao unakatwa tena. Utafinya gani?

Hii kitu hutokea juu Kijerumani kina maneno mawili pale tafsiri inaweza kukupea moja. Kündigen ni kuvunja mkataba: mimi nimetoka, msinikate tena. Abbrechen ni kuachana na kile unafanya saa hii, yaani funga hii fomu, nimebadilisha mawazo. Brauza ikitafsiri, zote mbili zinaweza kutokea kama Cancel, na ukichagua Kiswahili zote zinaweza kuwa Ghairi. Msee anafinya Abbrechen, ukurasa unafungika vizuri, anaenda zake akijua amemaliza. Kumbe alichoghairi ni ile kujitoa yenyewe.

Na siku hizi wasee wa huku wako kwa hizi tovuti sana. Tangu Kenya na Ujerumani zisaini makubaliano ya kazi Septemba 2024, kuna mbogi ya kusoma A1 na B1, kuna mbogi ya kutafuta Ausbildung, na kuna wale tayari wako huko wanalipia jimu na apu za kila aina. Kwa hivyo acha tuchukue kesi moja tuifuate mpaka mwisho.

Sema ulijiunga na tovuti ya Kijerumani ya kufanyia mazoezi ya mtihani. Ulipewa siku 7 kwa euro 1, ukaweka kadi. Baada ya hapo ni euro 25 kila mwezi. Ukipiga kwa shilingi 150, hiyo ni 3,750 inatoka kila mwezi kwa kitu ulifungua mara mbili. Sasa unataka kutoka.

Kwanza, usiwashe tafsiri bado

Najua inasikika mbaya, lakini subiri. Tangu tarehe 1 Julai 2022, sheria ya Ujerumani inasema tovuti ikikuruhusu kujiunga na huduma ya kulipia kila mara kwa mtandao, lazima pia iweke batani ya kujitoa hapo hapo kwa tovuti. Na sheria imetaja hadi maneno. Batani ya kwanza inafaa kusema Verträge hier kündigen, yaani vunja mikataba hapa, ama maneno mengine yaliyo wazi vile vile. Ya mwisho inafaa kusema jetzt kündigen, yaani vunja sasa, ama kitu kama hicho.

Ndio maana unatafuta kwa Kijerumani chenyewe. Ukiwasha tafsiri mapema, hayo maneno yanapotea na unabaki na Cancel, Terminate, Quit, chochote mashine imeamua siku hiyo.

Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, pale kwa maandishi madogo ya Impressum, Datenschutz na AGB. Hapo ndipo mara nyingi hiyo batani hukaa, na wakati mwingine ni maandishi ya kijivu tu hata hayafanani na batani. Kama huioni, tumia utafutaji. Kwa laptopu finya Ctrl na F. Kwa simu, finya vidoti vitatu vya Chrome halafu Find in page. Andika ndig peke yake. Hivyo hauhitaji kusumbuana na ile ü, na utapata kündigen na Kündigung zote. Inaweza kukuletea pia maneno kama vollständig, lakini hayo utayaruka tu.

Usiende kuitafuta kwa akaunti yako kwanza. Ndani ya akaunti ndiko kuna mitego miwili. Wa kwanza ni Abmelden. Tafsiri inaweza kukuambia Unsubscribe, lakini mara nyingi hiyo ni kutoka kwa akaunti tu kama kulogi auti, ama kuacha kutumiwa imeili za matangazo. Kadi yako bado iko ndani. Wa pili ni Konto löschen, kufuta akaunti. Akaunti kufutika haimaanishi mkataba umeisha, na ukiifuta kwanza unaweza kukosa hata mahali pa kuangalia kama bado unadaiwa.

Sasa washa tafsiri, ujaze fomu

Ukishafinya ile batani ya kwanza, utafunguliwa fomu. Hapa tafsiri inasaidia. Kwa Chrome ya simu, finya vidoti vitatu halafu Translate. Kwa laptopu, finya kulia mahali popote kwa ukurasa uchague kutafsiri. Chagua Kiingereza ama Kiswahili, yote sawa.

Fomu itakuuliza vitu vichache. Jina lako, imeili uliyojiungia nayo, na namba ya mteja ama ya mkataba, ambayo huwa Kundennummer ama Vertragsnummer. Kama hujui iko wapi, fungua ile imeili ya kwanza walikutumia ukijiunga.

Halafu itakuuliza aina ya kujitoa. Ordentliche Kündigung ni ile ya kawaida: nimetosheka, natoka. Außerordentliche ni ya sababu nzito, na lazima uieleze hiyo sababu. Kama hakuna kitu kibaya wamekufanyia, chagua ya kawaida.

Mwisho itauliza unatoka lini. Ukiona zum nächstmöglichen Zeitpunkt, chagua hiyo. Inamaanisha siku ya karibu zaidi inayowezekana. Usijiandikie tarehe yako ya mbali bure.

Kuna tovuti zitajaribu kukubembeleza katikati. Utaona ukurasa wa Schade, yaani pole tunasikitika, na batani kubwa ya rangi kali inayokupa punguzo. Angebot annehmen ni kukubali hiyo ofa. Pausieren ni kupumzika kidogo, na mapumziko yakiisha makato yanarudi. Abo behalten ni kubaki na usajili. Na ukiona zahlungspflichtig bestellen mahali popote, toa kidole haraka. Hiyo ni batani ya kununua, na maana yake ni agiza na ukubali kulipa.

Kabla ya batani ya mwisho, zima tafsiri

Hii ndiyo hatua yenye inaokoa doo. Kwa simu, ile mstari wa tafsiri huwa na lugha mbili, German na ile umechagua. Finya German. Kwa laptopu, finya alama ya tafsiri pale juu kwa anwani, halafu uchague German. Ukurasa unarudi vile ulikuwa.

Sasa soma batani zenyewe. Unatafuta kündigen. Kama ni jetzt kündigen, hiyo ndiyo. Zurück ni kurudi nyuma, Weiter ni kuendelea ukurasa ufuatao, na Abbrechen ndiyo ile ya kukuchezea. Piga skrinshoti ya fomu ikiwa imejaa, halafu ufinye.

Kuna sababu ya pili ya kuzima tafsiri hapa. Tafsiri ya brauza hubadilisha maandishi ndani ya ukurasa ukiwa wazi, na tovuti zingine hazivumilii hiyo. Unafinya batani, hakuna kitu kinatokea, ama ukurasa unakuwa mweupe. Ukiona hivyo usidhani imeingia. Zima tafsiri, fungua ukurasa upya, jaza tena.

Na kama maandishi ya batani yamechorwa kama picha, brauza haitayatafsiri kabisa. Piga skrinshoti uipitishe kwa Google Lens, isome, halafu urudi.

Utajuaje umetoka kweli

Ukurasa wa kusema asante hautoshi. Sheria inawataka wakutumie uthibitisho mara moja, wenye kuonyesha ulichotuma, siku na saa kilifika, na mkataba unaisha lini. Tafuta imeili yenye Kündigungsbestätigung, na uangalie Spam pia. Ndani yake tafuta tarehe ya mwisho, mara nyingi karibu na neno Vertragsende. Ukikatwa baada ya hiyo tarehe, hiyo imeili ndiyo silaha yako kwa benki na kwa kampuni.

Kama ni ndani ya siku 14 tangu ujiunge, kuna mlango mwingine unaitwa Widerruf. Huo ni kurudisha mkataba kama haukuwahi kuwa, na unaweza kudai doo zako, ingawa kama ulikubali huduma ianze papo hapo hiyo haki inaweza kupungua ama kuisha. Ni kitu tofauti na Kündigung, usichanganye.

Je, batani ikikosekana kabisa? Hapo sheria inampa mteja ruhusa ya kutoka wakati wowote bila kungoja notisi. Finya Impressum, chukua imeili ya kampuni, uwatumie hii, ukiongeza jina lako, imeili ya akaunti na namba ya mteja:

```
Hiermit kündige ich meinen Vertrag zum nächstmöglichen Zeitpunkt.
Bitte bestätigen Sie mir die Kündigung und das Vertragsende.
```

Maana yake: navunja mkataba wangu kwa siku ya karibu inayowezekana, tafadhali nithibitishieni kujitoa na siku unaisha.

Kabla uanze yote haya, angalia kitu kimoja: ulilipia wapi? Kama ulijiunga kupitia Google Play ama duka la Apple, unajitoa huko huko kwa simu, chini ya usajili wako. Na zile batani za sheria hazihusu huduma za kifedha, kwa hivyo mambo ya benki yana njia zao.

Ile mbinu ya wasee wengi, kuacha kadi bila doo makato yagonge mwamba, inasimamisha makato tu. Mkataba bado unahesabu. Kama uko Nairobi pengine utaona imeili za vitisho tu, lakini kama uko Ujerumani, ama unapanga kuenda, hilo deni linaweza kupewa Inkasso, watu wa kukusanya madeni, na wao huongeza gharama zao juu. Euro 25 haibaki euro 25.

Kwa hivyo tafuta neno kwa Kijerumani, jaza kwa lugha unaelewa, rudi kwa Kijerumani kufinya. Ni kama dakika kumi hivi. Na kama una mse anasoma B1 saa hii na kadi yake iko kwa tovuti tatu, mchanue.