Fuata Elektroni: Shaba Ndani ya Seli na Ndani ya Elektrolisisi

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayerudia elektrokemia hukuta mada imekatwa vipande: alama za seli ukurasa huu, potenshali sanifu ule, elektrolisisi kwingine, hesabu mwishoni. Nashauri ashike metali moja, shaba, na popote aikutapo aulize swali lilelile: elektroni zinatoka wapi, zinakwenda wapi?

Tuanze na seli aliyoibuni Mwingereza John Frederic Daniell mwaka 1836. Kipande cha zinki kimo katika mmumunyo wa salfeti ya zinki, na kipande cha shaba kimo katika salfeti ya shaba, ule mrututu wa buluu ambao wakulima wanaufahamu. Waya unaunganisha metali hizo mbili, na siku hizi maabara hutumia daraja la chumvi kuunganisha mimumunyo. Seli hiyo huandikwa hivi:

Zn(s) | Zn²⁺(aq) || Cu²⁺(aq) | Cu(s)

Mstari mmoja ni mpaka kati ya metali na mmumunyo wake, na mistari miwili ni daraja. Kwa kanuni, kushoto huwekwa upande unaopoteza elektroni, yaani anodi, na kulia huwekwa kathodi, inayozipokea. Ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia, unasoma safari ya elektroni kwenye waya wa nje.

Jedwali la potenshali sanifu hutuambia kwa nini zinaelekea huko. Potenshali hizo hupimwa dhidi ya elektrodi ya haidrojeni, iliyopewa sifuri, kwa nyuzi 25 za Selsiasi na mimumunyo ya moli 1 kwa lita. Zinki ina −0.76 V, shaba +0.34 V. Volti ya seli ni potenshali ya kulia kutoa ya kushoto: 0.34 − (−0.76) = 1.10 V. Jibu chanya lina maana kwamba mmenyuko unakwenda wenyewe kama ulivyoandikwa. Likitoka hasi, umegeuza pande.

Hapa ndipo wengi hupoteza alama. Weka fedha, yenye +0.80 V, mahali pa zinki, nayo shaba ndiyo itakayopoteza elektroni. Kusawazisha mlingano kunahitaji ioni mbili za fedha kwa kila atomu ya shaba, kwa hiyo mtu huzidisha 0.80 kwa 2, akapata 1.26 V. Jibu sahihi ni 0.46 V. Volti ni nishati kwa kila kulombu ya chaji. Ukiongeza elektroni maradufu, nishati na chaji huongezeka pamoja, na uwiano wao unabaki palepale. Potenshali haizidishwi kamwe.

Sasa pitisha umeme wa betri kwenye mrututu kwa elektrodi za kaboni. Ishara zinabadilika: anodi, iliyokuwa hasi katika seli, sasa ni chanya. Kazi yake haibadiliki, bado ni mahali pa kupoteza elektroni. Kwenye kathodi ioni za shaba huchukua elektroni mbili kila moja, na tabaka jekundu-kahawia hufunika kaboni. Kwenye anodi salfeti haiguswi. Maji ndiyo yanayotoa elektroni, viputo vya oksijeni vinapanda, na mmumunyo unazidi kuwa asidi huku buluu yake ikififia.

Badilisha kaboni kwa elektrodi za shaba, na viputo vinakoma. Shaba ya anodi inaachia elektroni kwa urahisi kuliko maji, kwa hiyo inayeyuka yenyewe na kuingia kwenye mmumunyo kwa kasi ileile ambayo nyingine inaganda kwenye kathodi. Buluu haififii. Viwanda husafisha shaba kwa njia hii. Kabla ya kutaja zao la anodi, basi, soma swali uone elektrodi ni ya nini.

Imebaki hesabu. Mkondo wa ampea 0.50 unapita kwa dakika 32 na sekunde 10: ni shaba kiasi gani itaganda? Geuza muda wote kuwa sekunde: 1,930. Zidisha kwa ampea upate kulombu 965. Gawanya kwa 96,500, chaji ya moli moja ya elektroni, upate moli 0.010 za elektroni. Kila ioni ya shaba inahitaji mbili, kwa hiyo moli za shaba ni 0.0050. Zidisha kwa 63.5, nayo ni gramu 0.32.

Ukipata 0.64, umesahau kugawanya kwa 2. Andika nusu-mlingano, Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu, kabla ya kugusa kikokotoo, na ile 2 itakuwa mbele ya macho yako.