Kuchangisha fedha za katuni ya mkono

Mwaka 2017 Matthew A. Cherry aliomba dola 75,000 Kickstarter kwa filamu fupi ya katuni, Hair Love. Zilipatikana zaidi ya 280,000, na mwaka 2020 ikashinda Oscar. Kule usipofikia lengo, hupati hata senti, kwa hiyo lengo lipigiwe hesabu ya kweli.

Tuseme filamu ni ya dakika tatu. Michoro 12 kwa sekunde inafanya michoro 2,160, na huo ndio utajiri wa katuni ya mkono: kila karatasi ni ya pekee na inaweza kuwa zawadi. Anayetoa dola 10 aandikwe jina mwishoni mwa filamu na apewe nakala ya kuitazama. Anayetoa 40 apate mchoro halisi, wenye namba ya fremu na sahihi. Hapo ndipo wengi huumia. Posta na bahasha ngumu vikila dola 20, na makato ya mtandao karibu 4, filamu inabakiwa na 16 tu. Ningetoza posta kando.

Video isizidi dakika mbili. Ifunguke kwa mhusika anayetembea, hata kama ni penseli tupu, kwa sekunde kumi. Kisha mkono juu ya meza ya mwanga, karatasi zikipinduliwa, ndipo mchoraji ajitokeze aeleze kisa, fedha zitakwenda wapi na zawadi zitatumwa lini. Sauti irekodiwe kwa maiki ya karibu. Mwangwi wa chumba hufukuza watazamaji upesi.