Dawa Imeisha Tangu Lini?

Robo ya mwaka inapokaribia kwisha, ripoti za ziara za usimamizi shirikishi hurundikana mezani kwa katibu wa afya wa wilaya. Nyingi zimeandikwa kwa mkono, jioni, na watu waliochoka na barabara. Anatakiwa azisome zote, kisha atoe muhtasari wa kurasa mbili ambao Mganga Mkuu wa Wilaya atautumia kuamua dawa zipelekwe wapi na mtumishi gani ahamishwe.

Tuchukue ripoti moja ya mfano, ya zahanati iliyotembelewa tarehe 12 Juni. Imeandikwa hivi: "Dawa mseto ya malaria imeisha tangu wiki iliyopita. Wahudumu ni wawili, hawatoshi. Mfawidhi ameshauriwa kujaza leja kila siku." Mwenye haraka atajaza safu tatu za jedwali lake kwa dakika moja: dawa hakuna, watumishi hawatoshi, ushauri umetolewa. Muhtasari wa namna hiyo utampotosha Mganga Mkuu mara tatu.

Dawa mseto, ile ALu, huja katika pakiti nne kulingana na uzito wa mgonjwa: vidonge 6, 12, 18 na 24. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa pakiti ya vidonge 6, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Sasa ni ipi iliyoisha? Ukifungua orodha ya stoo iliyoambatishwa nyuma ya ripoti, unakuta pakiti za vidonge 24 zipo, na iliyoisha ni ile ya watoto wadogo. Hapo hali inabadilika kabisa, kwa sababu pakiti ya vidonge 24 inaweza kukatwa ikatoa dozi nne za mtoto. Huenda hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani bila dawa. Upungufu upo na lazima uandikwe, lakini uandikwe kwa jina la pakiti. Vilevile dawa iliyo rafuni lakini muda wake wa matumizi umepita ihesabiwe kuwa haipo.

Linabaki swali la tangu lini, na hapa sentensi ya tatu ndiyo inayoitikisa ya kwanza. Kama leja haijazwi, hiyo "wiki iliyopita" imetoka wapi? Katika mfano wetu mstari wa mwisho wa leja ni wa tarehe 28 Mei, ukiwa na salio la pakiti 30. Tarehe 12 Juni rafu ni tupu. Kati ya siku hizo mbili karatasi haisemi kitu, kwa hiyo wiki iliyopita ni kauli ya mhudumu tu. Mtu akiandika "siku 7" kwenye muhtasari, atakuwa ameitunga namba. Kilicho kweli ni hiki: siku ya ziara haikuwepo, idadi ya siku haijulikani, leja iliishia 28 Mei. Ukitaka zaidi ya hapo, piga simu zahanati, mwombe mhudumu afungue rejesta ya MTUHA ya wagonjwa wa nje, atafute mtoto wa mwisho aliyepewa pakiti hiyo.

Kwa sababu hiyo mimi sikubali maoni ya msimamizi yafupishwe kuwa "ushauri umetolewa". Yanakiliwe kwa maneno yake, kisha yalinganishwe na ziara zilizopita. Shauri la leja likijirudia ziara tatu mfululizo, basi safu ya dawa ya zahanati hiyo imekuwa ikijazwa kwa kubahatisha muda wote huo.

Kuhusu watumishi, "wawili" ni waliokutwa siku ile. Waliopangiwa ni 5: mmoja yuko likizo ya uzazi, mmoja masomoni, mmoja aliitwa semina na wilaya yenyewe. Ndiyo maana muhtasari unahitaji namba tatu: wanaotakiwa kwa ikama, waliopangiwa, na waliokutwa. Pengo kati ya ikama na waliopangiwa linasubiri kibali cha ajira. Lile la pili wilaya inaweza kulipunguza wiki hiyohiyo, kwa kupanga vizuri semina zake.

Halafu kuna nafasi zilizoachwa wazi. Tuseme wilaya ina vituo 42, vilivyotembelewa ni 30, na ripoti 4 hazikuitaja kabisa pakiti ya watoto. Vituo 9 vimeripoti kuwa haipo. Hapo tunasema 9 kati ya 26, na wala si kati ya 42, maana kutotajwa si sawa na kuwepo. Na vile 12 visivyofikiwa viorodheshwe kwa majina, pamoja na sababu. Mara nyingi ni vile vya ng'ambo ya mto, ambako gari halipiti wakati wa masika, na gari la dawa nalo hupita njia hiyohiyo.