Treni inayofika kabla ya kuondoka

Treni ya TAZARA husafiri kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Kati ya stesheni za Tunduma na Nakonde huvuka mpaka wa nchi, na papo hapo huvuka mpaka wa saa. Tanzania iko saa 3 mbele ya Griniwichi, Zambia saa 2. Hakuna kati ya nchi hizi inayosogeza saa kufuata majira ya mwaka, kwa hiyo tofauti ni saa moja mwaka mzima.

Tuchukue ratiba ya mfano, yenye saa za kujifunzia tu. Treni inatoka Dar es Salaam Ijumaa 16:00. Inaondoka Tunduma Jumamosi 18:00, inafika Nakonde Jumamosi 17:15, na New Kapiri Mposhi Jumapili 14:00.

Abiria akifika kwenye mstari wa Nakonde hudhani mpiga chapa amekosea, maana treni inaonekana kufika dakika 45 kabla ya kuondoka. Hakuna kosa. Ratiba za safari za kuvuka mipaka kwa kawaida huandika saa ya mahali kwa kila stesheni: Tunduma ni saa ya Tanzania, Nakonde ni ya Zambia. Treni inapoondoka Tunduma saa 12 jioni, Nakonde ni saa 11. Robo saa baadaye inaingia Nakonde, na saa ya ukutani huko inasema 17:15.

Jozi hii ya stesheni ndiyo kipimo chako. Ukipewa ratiba usiyoijua, tazama stesheni mbili za mwisho kila upande wa mpaka. Muda kati yao ukirudi nyuma, au ukizidi kwa takribani saa nzima kuliko umbali wenyewe unavyohitaji, ratiba inafuata saa za mahali. Ukiwa wa kawaida, huenda mwandishi ametumia saa ya nchi moja kwa safari yote, na hapo muulize karani wa tiketi ni ya nchi gani.

Sasa urefu wa safari. Kutoka Ijumaa 16:00 hadi Jumapili 14:00, ukihesabu kwa kalamu, ni saa 46. Lakini ile 14:00 ya New Kapiri Mposhi ni 15:00 kwa aliyebaki Dar, kwa hiyo safari yenyewe ni saa 47. Kwenda Zambia unaongeza saa moja. Kurudi Tanzania unapunguza moja. Treni hiyo ikitoka New Kapiri Mposhi Jumanne 14:00 na kufika Dar Alhamisi 14:00, karatasi inasema saa 48, kumbe ni zilezile 47.

Kwetu tunaohesabu saa kuanzia alfajiri kuna hatua moja zaidi, na ni vizuri ifanywe mwisho. Kwanza jua namba ni ya nchi gani, kisha igeuze. Kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa 6. Kuanzia 19:00 hadi 24:00 toa 18. Kuanzia 01:00 hadi 06:00 ongeza 6. Hivyo 14:00 ya New Kapiri Mposhi ni saa 8 mchana kwa Zambia. Ukimpigia simu ndugu aliyeko Dar kumwarifu utakapofika, mwambie saa 9 alasiri ya kwake.

Namba zilizochapwa ni mpango tu, na treni huchelewa. Ucheleweshaji pimeni kwa saa ya pale mlipo. Treni ikiingia Nakonde kwa wakati, abiria ambaye saa yake ya mkononi bado ni ya Tanzania ataona saa 12 na robo, atasoma 17:15 kwenye karatasi, na kulalamika kwamba wamechelewa saa nzima. Simu nayo haiaminiki hapo mpakani: inaweza kunasa mtandao wa jirani na kubadilisha saa ungali upande huu.

Wakati wa kwenda, kosa hilo haliumizi sana, maana saa yako iko mbele na utawahi kila mahali. Wakati wa kurudi ndipo hatari ilipo. Tuseme treni inaondoka Tunduma 13:00, yaani saa 7 mchana kwa Tanzania. Abiria mwenye saa ya Zambia anashuka kutafuta chakula, anatazama mkononi anaona saa 5 na nusu, na kujipa saa moja na nusu ya kula. Ukweli ni kwamba amebakiwa na nusu saa. Ukitoka Zambia, sogeza saa yako mbele kabla hujashuka kwenye behewa Tunduma.